Kikao cha bajeti ya wadi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila msimu wa bajeti ukifika, hasa kutoka kwa watu wanaohudhuria kikao cha wadi kwa mara ya kwanza na kwa wale waliohudhuria mwaka jana na bado hawajaona mradi. Majibu yanahusu kaunti za Kenya. Panapohitajika mfano wa jinsi jambo linavyoendeshwa, tumeegemea Makueni, kwa sababu ndiyo kaunti iliyolijengea jambo hili ngazi kamili kuanzia kijijini.

## Mambo ya msingi

Kikao hiki ni nini, na kina tofauti gani na baraza la chifu?

Kwenye baraza unasikiliza na kuuliza. Kwenye kikao cha bajeti shirikishi wakazi wanawekewa kiasi cha fedha mbele yao, wanapanga miradi kwa kufuata uzito wake, kisha mwezeshaji anaandika mradi upi umepewa shilingi ngapi katika waraka ambao mtu yeyote anaweza kuuona. Ukitoka kikaoni bila mpangilio wa miradi na bila kiasi cha fedha kando ya kila mradi, ulichohudhuria ni baraza, hata kama bango la mlangoni liliandikwa vinginevyo.

Mtindo huu ulianzia Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989. Kenya uliingia kupitia ugatuzi. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka mambo ya fedha za umma yawe wazi na wananchi washiriki, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ikaweka tarehe za kazi hiyo.

Makueni wanafanyaje?

Kaunti ina wadi 30 katika kaunti ndogo 6, lakini kazi haianzii wadini. Chini ya gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, mikutano ilipangwa kwa ngazi: kijiji, kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, halafu kaunti nzima. Kila ngazi huchagua kamati ya maendeleo, na wajumbe wa kamati ndio wanaopanda na orodha ya kwao kwenda ngazi inayofuata.

Faida yake huonekana wadini. Wakazi wote wakiitwa moja kwa moja kwenye kikao kimoja cha wadi, wanaoishi karibu na uwanja wa mkutano hujaa na mradi wao hushinda. Ngazi za chini zinamwezesha mtu wa kijiji cha pembeni kusikika kupitia mjumbe wake, hata kama yeye mwenyewe hakupata nauli.

Kikao hufanyika lini?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo kuna tarehe nne za kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na bunge huyapitisha kabla ya Juni 30.

Kikao chenye uzito ni kile kinachokuja kabla ya waraka wa Februari, kwa sababu huo ndio unaoweka kikomo cha kila idara. Kikao cha Mei huwa kimechelewa. Meza imeshaandaliwa, na kinachobaki ni kusogeza fedha chache huku na kule. Ukialikwa Mei kuja "kuchagua miradi", uliza kilichoandikwa Februari.

Nani ana haki ya kuingia, na kuna posho?

Mkazi yeyote anaingia. Huhitaji barua ya mwaliko wala kadi ya chama. Haki ya kupanga miradi, pale ambapo wajumbe wamechaguliwa, ni ya wajumbe. Wengine husikiliza, huuliza na hupinga. Kuhusu posho, kaunti hutofautiana: baadhi hurudisha nauli ya wajumbe, nyingine hutoa chai tu. Kinachofaa ni kutangaza jambo hilo mapema, ili watu wasikae mpaka jioni wakisubiri bahasha ambayo haikuahidiwa na mtu.

## Kupanga miradi

Kwa nini ombi letu la darasa la shule ya msingi lilitupwa nje hata kabla ya kura?

Kwa sababu kaunti haina mamlaka nalo. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Elimu ya msingi na ya sekondari ni ya serikali ya kitaifa, na polisi vilevile. Kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, maji, kilimo, mifugo na masoko.

Mwezeshaji mzuri huibandika orodha hii ukutani kabla mtu hajanyoosha mkono. Ombi lililo nje ya mamlaka halifutwi. Huandikwa katika ukurasa wake, pamoja na ofisi inayohusika. Kwa darasa la shule ya msingi, mara nyingi mahali pa kulipeleka ni kamati ya mfuko wa maendeleo ya eneobunge. Ombi likifutwa kimyakimya, mtu huondoka akiamini amenyimwa na jirani yake.

Tunapigaje kura? Mikono, foleni au karatasi?

Epukeni foleni. Waliopiga kura ya mlolongo mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Kusimama nyuma ya mradi mbele ya mzee wa kijiji, mwenye duka anayekukopesha na jamaa ya mume wako si kuchagua. Mikono nayo ina kasoro hiyohiyo, ingawa ni ya haraka.

Njia inayofanya kazi, hata kwa asiyesoma, ni makopo na maharagwe. Kila mradi una kopo lenye picha: bomba, kitanda, barabara. Mjumbe huingia nyuma ya pazia akiwa na maharagwe 15. Kama miradi ni mitano, anaweka matano katika kopo la mradi anaouona wa kwanza, manne la pili, na kuendelea hadi moja. Kuhesabu hufanywa mbele ya watu wote. Kila jumla iandikwe hapohapo, kwa tarakimu na kwa maneno.

Kwa nini kila mtu asichague mradi mmoja tu?

Kwa kuwa kila mtu atachagua wa kijijini kwake, na kijiji chenye watu wengi kitashinda kila mwaka. Mjumbe akilazimika kupanga miradi yote, anatoa pia maoni yake kuhusu miradi ya wengine. Mradi ambao hakuna aliyeuweka wa kwanza, lakini karibu kila mtu aliuweka wa pili, unaweza kuongoza. Kwa wadi yenye vijiji vinavyotazamana kwa jicho la husuda, hilo ni jambo jema.

Mwezeshaji anaruhusiwa kufanya nini?

Anasoma kikomo cha fedha, anaeleza kanuni, anatoa nafasi ya kuzungumza, anahesabu na kuandika. Hapendekezi mradi, na hapunguzi gharama iliyotolewa na mhandisi ili mradi fulani upate kuenea. Msimamizi wa wadi akiwa ndiye mwezeshaji, ni busara mtu mwingine ashike kalamu, kwani ni vigumu kuongoza ubishi na kuandika sawasawa kwa wakati mmoja.

Mwakilishi wadi ana haki ya kuwepo na kuzungumza. Hata hivyo, vikao vingi huharibika pale anapopewa kipaza sauti kwanza. Akishataja mradi anaoutaka, waliobaki hawapangi tena, wanamkubali au wanampinga yeye. Mpeni nafasi baada ya kura.

## Kutoka kwenye mpangilio hadi kwenye fedha

Tuonyesheni mfano wa hesabu.

Huu ni mfano wa kubuni, lakini umejengwa kama wadi ya kawaida ya ukanda mkavu. Wadi ina vijiji tisa, kila kimoja kimeleta wajumbe watatu: mwanamke, mwanamume na kijana. Ni wajumbe 27. Kikomo cha fedha ni shilingi milioni 20. Mhandisi ameleta makadirio ya miradi mitano, na kura ya maharagwe ikatoa matokeo haya:

| Mradi | Alama | Gharama (milioni) |
|---|---|---|
| Wodi ya kujifungulia, zahanati | 104 | 7.0 |
| Kisima cha kuchimbwa na tangi | 98 | 6.5 |
| Drifti, yaani kivuko cha zege, kwenye barabara ya soko | 81 | 4.2 |
| Darasa la chekechea na choo | 67 | 2.6 |
| Taa za soko | 55 | 3.0 |

Hakikisha kwanza jumla ya alama. Wajumbe 27 mara maharagwe 15 ni 405, na alama zilizoandikwa nazo ni 405. Zikipungua kuna haragwe lililobaki mfukoni. Zikizidi, kuna aliyekuja na yake kutoka nyumbani. Hesabu hii huchukua dakika moja na huzima uvumi wa mwaka mzima.

Sasa shuka na orodha. Wodi na kisima ni milioni 13.5. Ongeza drifti, 17.7. Ongeza chekechea, 20.3, na hapo mmepita kikomo kwa laki tatu. Hapa ndipo kelele huanza, na hapa ndipo kazi ya mwezeshaji inapoonekana.

Njia rahisi ni kukata laki tatu kwenye drifti "kidogo tu". Msiikubali. Drifti iliyopunguzwa zege huondoka na mvua ya kwanza. Njia ya pili ni kuiruka chekechea na kuchukua mradi wa tano, lakini taa za milioni 3 nazo hazienei katika milioni 2.3 zilizobaki. Njia ya tatu ni kuuliza kama mradi wa nne una sehemu inayoweza kusimama peke yake. Mhandisi anasema darasa ni milioni 2.1 na choo ni laki tano. Choo hakiwezi kusahaulika, maana darasa la watoto wadogo lisilo na choo halifai kufunguliwa. Lakini darasa hili linajengwa ndani ya uwanja wa shule yenye vyoo vinavyotumika, na mwalimu mkuu amekubali watoto wavitumie kwa mwaka mmoja.

Kikao kinakubaliana: darasa milioni 2.1 sasa, choo laki tano kiwe cha kwanza mwaka ujao kabla ya kura mpya. Jumla ni milioni 19.8. Laki mbili zilizobaki zinaandikwa kuwa za uchunguzi wa maji ya ardhini kabla ya kuchimba kisima, gharama ambayo makadirio yalikuwa yameisahau. Taa za soko zinaandikwa katika orodha ya kusubiri.

Kwa nini mradi ulioongoza kwa kura usipewe fedha?

Sababu tatu ndizo zinazojirudia. Ya kwanza ni mamlaka, tazama swali la darasa la shule ya msingi. Ya pili ni ardhi. Kaunti haijengi kwenye shamba la mtu binafsi, na ahadi ya mdomo ya mzee aliyejitolea ekari moja huisha siku watoto wake wanapoanza kurithi. Maandishi ya kukabidhi ardhi yawe tayari kabla ya kupangia fedha, la sivyo mradi utalala.

Ya tatu husahaulika zaidi, nayo ni gharama ya kuendesha. Wodi ya kujifungulia inahitaji wauguzi, na mishahara yao haitoki katika fedha za maendeleo mnazogawa. Inatoka katika matumizi ya kawaida ya idara ya afya. Kabla ya kuipa wodi milioni saba, mwulizeni afisa wa afya mbele ya kikao: wahudumu watatoka wapi, na mwezi gani? Jibu lake liandikwe. Majengo mapya yaliyofungwa kwa kufuli ni mengi kuliko inavyopaswa, na mara nyingi swali hili halikuulizwa.

Miradi ya mwaka jana ambayo haikuisha inahesabiwaje?

Inatangulia. Idhini ya matumizi hufa mwaka wa fedha unapoisha, kwa hiyo fedha ambazo hazikutumika lazima zipangiwe upya. Mwezeshaji aanze kwa kusoma orodha ya miradi iliyokwama na madeni ya wanakandarasi, ayatoe katika kikomo, kisha atangaze kilichobaki. Mkigawa milioni 20 wakati milioni sita tayari zina wenyewe, mpangilio wenu utavunjwa ofisini na hamtaambiwa.

## Waraka wa makubaliano

Waraka unapaswa kuwa na nini?

Jina la wadi na tarehe, idadi ya waliohudhuria na wajumbe waliopiga kura, kikomo cha fedha kilichosomwa, alama za kila mradi hata walioshindwa, kiasi kilichokubaliwa, mahali hasa mradi utakapokuwa, na sababu ya kila badiliko lililofanywa baada ya kura. Hapo chini ziwe saini za mwezeshaji na za wajumbe wawili au watatu wasiotoka kijiji kimoja.

Mahali hasa pana maana. "Kisima, wadi ya fulani" ni mlango wazi: kisima kinaweza kuhamia popote. "Kisima, kando ya zahanati ya kijiji cha fulani" hakihami bila mtu kugundua.

Nitajuaje kwamba waraka wa ukutani ndio uliopelekwa makao makuu?

Usomwe kwa sauti kabla watu hawajaondoka, mstari kwa mstari, kwa lugha inayosikika pale. Kama kikao kilikwenda kwa Kikamba na waraka ukaandikwa kwa Kiingereza, usomwe kwa Kikamba. Wajumbe wapige picha karatasi ikiwa na saini. Nakala moja ibandikwe kwenye ofisi ya msimamizi wa wadi.

Aprili, makadirio yakifika bungeni, linganisha na picha yako. Tafuta mradi kwa jina la mahali, si kwa jina la idara, kwani wodi yenu inaweza kuwa ndani ya kifungu kikubwa cha "ujenzi wa vituo vya afya". Ukiukosa, omba orodha ya miradi ya wadi inayoambatana na makadirio.

Nikinyimwa nakala?

Andika ombi kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi lenyewe halilipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tunza nakala ya ombi yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu siku.

## Mambo yanayojitokeza baadaye

Bunge la kaunti linaweza kubadilisha tulichokubaliana?

Linaweza. Kikao cha wadi hakipitishi bajeti. Bunge ndilo linalopitisha. Lakini sheria inalibana: likiongeza fedha sehemu moja, lazima lipunguze sehemu nyingine kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo mradi mpya ukiibuka Juni, kuna mradi mwingine uliotolewa, na waraka wenu ndio unaoonyesha ni upi. Mwulizeni mwakilishi wadi swali hilo moja, kwa majina ya miradi yote miwili. Bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka hufuatiliwa hivyohivyo, na ndiko miradi mingi hupotelea kwa kuwa hakuna anayetazama.

Uchunguzi umeonyesha maji ya kisima yana chumvi. Fedha zinakwenda wapi?

Hili si jambo la ajabu katika maeneo ya chini ya Makueni. Kikao kinachojua mazingira yake huandika kanuni mapema: mradi ukishindikana kitaalamu, fedha zinabaki kijiji kilekile na kwa shida ileile. Hapo milioni 6.5 zinaweza kujenga bwawa la mchanga kwenye mto wa msimu, ikiwa mwamba upo karibu na kingo zinafaa.

Kama kanuni hiyo haikuandikwa, kamati ya wadi iitwe tena. Barua ya idara inayosema tu "mradi umehamishwa" haitoshi.

Miradi miwili imefungana kwa alama. Tufanyeje?

Pigeni kura tena kati ya hiyo miwili tu. Ikifungana tena, chukueni ule ambao ardhi yake iko tayari. Kurusha shilingi kumewahi kupendekezwa, na hakujamaliza ugomvi popote.

Fedha zimetengwa, mwaka umekwisha, hakuna kilichojengwa. Tumeibiwa?

Si lazima. Kaunti hutegemea zaidi mgao kutoka serikali ya kitaifa, na mgao huo huchelewa mara kwa mara. Zabuni nayo inaweza kurudiwa. Anzeni na swali jepesi: zabuni ilitangazwa? Kama haikutangazwa, tatizo liko idarani au kwenye fedha. Kama ilitangazwa na mwanakandarasi akapewa kazi, ombeni kuona malipo yaliyofanywa.

Makueni, wakazi huchagua kamati ya usimamizi wa kila mradi, na mwanakandarasi hulipwa baada ya kamati hiyo kutia saini kwamba kazi imefanyika. Mahali penye kamati kama hiyo, mwenyekiti wake ndiye wa kwanza kuulizwa. Pasipo na kamati, ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huonyesha matumizi ya kaunti, ila mara nyingi haziteremki hadi kwenye drifti yenu moja.

Tunaweza kwenda mahakamani kwa sababu kikao kilifanywa vibaya?

Mnaweza, na mahakama zimewahi kusema kwamba ushirikishaji wa umma si kuitisha watu na kuwaandikisha majina tu. Wanapaswa kupewa taarifa za kutosha na nafasi ya kweli ya kusikika. Ushahidi wenu utakuwa mambo madogo: tangazo lilitoka siku gani, nyaraka zilipatikana kwa lugha gani, na waraka wa makubaliano una nini. Lakini kesi huchukua muda kuliko mwaka wa fedha. Barua kwa karani wa bunge la kaunti, ikiwa na picha ya waraka na kupelekwa Mei kabla kamati ya bajeti haijamaliza kusikiliza maoni, ina nafasi kubwa zaidi ya kuwarudishia mradi wenu.